Uvimbe Ulianzia Wapi?

Mwanafunzi wa udaktari anapoingia wodini kwa mara ya kwanza huwa tayari ameandika madaftari mengi. Analo daftari la figo, la moyo, la ini, na la lishe ya watoto. Kila mhadhara ulimpa ugonjwa mmoja ukiwa umepangwa vizuri: jina lake, kisababishi chake, dalili zake, vipimo vyake, tiba yake. Akiulizwa habari za ugonjwa fulani atazitiririsha bila kukwama. Kisha anasimama mbele ya kitanda chenye mtoto aliyevimba uso, na mlezi anamwambia neno moja tu: "Kavimba." Ndipo anapogundua kuwa hakuna daftari hata moja linaloanza na neno hilo.

Madaftari yanatoka kwenye ugonjwa kwenda kwenye dalili. Mgonjwa anatoka kwenye dalili, naye hajui anaelekea kwenye ugonjwa gani. Ili kuzikutanisha njia hizo mbili, wanafunzi hutengeneza majedwali ya kulinganisha magonjwa yanayofanana kwa dalili. Wodini kazi hiyo ya kutenganisha magonjwa wanaiita difarensho. Nimefundisha wanafunzi kutengeneza majedwali hayo kwa miaka kadhaa, na nimeona mengi mazuri kwa macho lakini yasiyosaidia chochote kitandani. Nitaeleza jedwali moja tu, la mtoto aliyevimba mwili, kwa sababu lina historia ndefu na kwa sababu kosa lake ni la hatari.

Kwa karne nyingi kuvimba mwili kulihesabiwa kuwa ugonjwa mmoja wenye jina moja. Ulaya walikuwa na jina lao, na katika Kiswahili tunalo neno safura, ambalo watu wamelitumia kwa mgonjwa aliyepauka, aliyechoka na kuvimba, hasa kwa sababu ya minyoo inayonyonya damu. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha taarifa za wagonjwa wake na kuonyesha kwamba chini ya jina lile moja kulikuwa na magonjwa zaidi ya moja. Kipimo chake kilikuwa rahisi kiasi cha kufanyika jikoni. Alitia mkojo kwenye kijiko, akaupasha moto juu ya mshumaa, akaangalia. Mkojo wa baadhi ya waliovimba uliganda kama ute wa yai linalochemshwa, kwa sababu ulikuwa na protini ambayo haikupaswa kuwamo. Wagonjwa hao walipofariki na miili yao kuchunguzwa, figo zao zilikutwa zimeharibika. Wengine walivimba vilevile lakini mkojo wao haukuganda.

Kijiko kile kilifanya kazi inayofanywa na mstari mmoja wa jedwali zuri. Kiliwauliza wote waliovimba swali lilelile, na majibu yakawagawa.

Sasa turudi kwa mwanafunzi na madaftari yake. Namwambia kwanza aelewe kwa nini mwili unavimba, maana jedwali lililojazwa na mtu asiyeelewa hukaririwa leo na kusahaulika kesho. Fikiria mtungi wa udongo uliojaa maji. Ukuta wake hutoa jasho, maji yakipenya kidogo kidogo kwenda nje. Mishipa yetu midogo ya damu nayo hupitisha maji kwa namna hiyo. Msukumo wa damu huyatoa nje ya mshipa, na protini iitwayo albumini, inayotengenezwa na ini, huyavuta yabaki ndani. Machache yanayotoka hukusanywa na kurudishwa. Mwili huvimba mizani hiyo inapoharibika. Moyo ukishindwa kusukuma, damu hujaa nyuma yake na msukumo ndani ya mishipa huongezeka. Figo zikivujisha albumini kwenye mkojo, hakuna cha kuyavuta maji yabaki ndani. Figo zikiwa zimevimba zenyewe na kuziba, chumvi na maji havitoki na mwili hufurika. Katika utapiamlo mkali uitwao kwashakoo albumini hushuka, lakini hilo halitoshi kueleza uvimbe wote. Kuta za seli na mishipa nazo huharibika, na wataalamu bado wanaendelea kuutafiti ugonjwa huo.

Akishaelewa hayo, anafungua madaftari na kuanza kupigia mstari. Kosa la kwanza la karibu kila mwanafunzi huja hapa: anapigia mstari kila kitu. Ninamtaka apigie tu sentensi inayoweza kugeuzwa kuwa swali la kumuuliza mlezi, au kitu cha kuangalia, kugusa au kupima. Chukua sentensi ya daftari la figo isemayo kwamba nefraitisi ya watoto hutokea wiki 1 hadi 2 baada ya maambukizi ya koo, au wiki 3 hadi 6 baada ya maambukizi ya ngozi, kutokana na bakteria aitwaye streptokokasi. Sentensi hiyo ni dhahabu. Inageuka kuwa swali: "Mtoto huyu aliumwa koo au alitoka vidonda vya ngozi ndani ya mwezi mmoja na nusu uliopita?" Sentensi ya jirani yake, inayoeleza jinsi kingamwili zinavyonasa kwenye vichujio vya figo, ni ya kweli na itaulizwa kwenye mtihani, lakini haina kazi kitandani. Ibaki daftarini.

Swali likishapatikana linakuwa mstari wa jedwali, na magonjwa yanakuwa safu. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana swali lililotoka kwenye daftari la figo lazima sasa lijibiwe na magonjwa yote, hata yale ambayo mwalimu wake hakuligusa. Mwalimu wa moyo hakusema lolote kuhusu rangi ya mkojo. Mwalimu wa lishe hakutaja presha. Mwanafunzi anafika kwenye kisanduku kitupu na, kwa kuwa anataka jedwali lipendeze, anaandika "hapana".

Hilo ndilo kosa ninalolipigia kelele kuliko yote. Kutotajwa mhadharani si ushahidi kwamba dalili haipo. Mfano wake umo humuhumu. Daftari la moyo linasema ini la mtoto ambaye moyo wake umeshindwa huwa kubwa. Daftari la lishe huenda halikutaja ini kabisa, kwa hiyo mwanafunzi anaandika kwamba katika kwashakoo ini ni la kawaida. Si kweli. Katika kwashakoo mafuta hujaa kwenye ini, na mara nyingi huwa kubwa hata likapapasika kwa mkono. Jedwali likimwambia kuwa ini kubwa maana yake ni moyo, atampeleka mtoto mwenye njaa kwenye tiba ya moyo. Kinachotofautisha pale ni mshipa wa shingo, ambao moyo ukishindwa hujaa na kuonekana. Tena ini la mgonjwa wa moyo mara nyingi huuma likibonyezwa. Kisanduku usichokuwa na uhakika nacho kiwekee alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, kisha nenda maktaba. Naliamini zaidi jedwali lenye alama tano za kuuliza kuliko lililojaa mwanzo hadi mwisho kwa usiku mmoja.

Baada ya kujaza huja kupunguza. Mistari mingi inayopendwa na wanafunzi haitenganishi chochote. "Mtoto amechoka": wote wamechoka. "Hana hamu ya kula": karibu wote. "Tumbo limejaa": lolote kati ya magonjwa haya linaweza kulijaza. Mstari wenye jibu moja katika safu zote ufutwe. Kwenye jedwali langu la mtoto aliyevimba mistari iliyobaki baada ya kufuta ni sita, na wanafunzi hushangaa jinsi kilichobaki kilivyo kidogo.

| Swali | Nefrotiki | Nefraitisi | Moyo kushindwa | Kwashakoo |
|---|---|---|---|---|
| Uvimbe ulianzia wapi? | Machoni, asubuhi | Machoni, asubuhi | Miguuni, jioni | Miguuni |
| Mkojo ukoje? | Una povu | Mchache, kama chai ya rangi | Mchache | Rangi ya kawaida |
| Presha | Mara nyingi ya kawaida | Imepanda | Ya kawaida au chini | Ya kawaida au chini |
| Protini kwenye mkojo | 3+ au zaidi | 1+ hadi 2+ | Hakuna au kidogo | Hakuna au kidogo |
| Damu kwenye mkojo | Hakuna au kidogo | Nyingi | Hakuna au kidogo | Hakuna |
| Kingine cha kutafuta | Uvimbe mwingi, hata sehemu za siri | Makovu ya vidonda, au koo lililouma | Mshipa wa shingo umejaa, hawezi kulala chali | Nywele nyepesi, ngozi inabanduka, mtoto hana raha |

Nefrotiki ni yale maradhi ambamo vichujio vya figo huvujisha albumini kwa wingi. Nefraitisi ni pale vichujio hivyo vinapovimba na kuziba. Majina yanafanana, yote ni ya figo, na mwanafunzi huyachanganya kwa urahisi, ingawa tiba zake ziko mbali.

Mstari wa kwanza una maelezo yanayousaidia ukae kichwani. Ngozi inayozunguka macho ni laini na iliyolegea, kwa hiyo mtoto aliyelala chali usiku kucha huamka maji yamekusanyika hapo. Akishinda amesimama na kucheza, maji hushuka, na jioni uso hupungua huku miguu ikijaa. Mtoto wa moyo hawezi kulala chali kwa sababu pumzi humkatika. Hulala ameegemezwa mito au amekaa mapajani mwa mama yake, ndiyo maana maji yake huanzia chini. Lakini mtoto mchanga asiyeweza kukaa yuko chali wakati wote, kwa hiyo hata moyo wake ukishindwa uvimbe wake unaweza kuonekana usoni na mgongoni. Kwa watoto wachanga mstari huu hupoteza nguvu. Mwanafunzi aliyekariri bila kuelewa sababu hawezi kulijua hilo.

Mlinganisho huu hauonekani ukisoma kutoka juu kwenda chini. Ukifuata safu ya nefrotiki peke yake unasoma tena lile daftari lako la figo, ila limekatwakatwa. Jedwali husomwa kwa kukata upande, mstari kwa mstari, ukiuliza kila mara: jibu hili linamtoa nani?

Tuone linavyofanya kazi. Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, lakini hakuna kitu ndani yake ambacho wodi ya watoto haijakiona.

Mvulana wa miaka 7 analetwa na bibi yake. Amevimba uso kwa siku 4. Mwanafunzi anasogeza stuli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na mgonjwa. Ulianza kuona uvimbe sehemu gani?"

"Machoni. Akiamka asubuhi macho yamefumba, hafungui. Jioni yanapungua."

Mstari wa kwanza umejibiwa, na umepunguza uwezekano wa moyo na wa kwashakoo. Mwanafunzi asiye na jedwali husimama hapa. Daftari lake la nefrotiki lilianza na uso unaovimba asubuhi, na sasa ana uso unaovimba asubuhi, basi anaandika nefrotiki na anafurahi kwamba amepata jibu. Mwenye jedwali anaona kitu ambacho daftari halikumwonyesha: kwenye mstari ule visanduku viwili vya kwanza vimeandikwa maneno yaleyale. Swali limewatoa wawili na kuwaacha wawili. Lazima aendelee.

"Mkojo wake ukoje, bibi?"

"Kidogo sana. Halafu mweusimweusi, kama chai ya rangi. Nilidhani hanywi maji."

"Kabla ya hapo alikuwa na vidonda vyovyote mwilini, au kuumwa koo?"

"Hapana, alikuwa mzima." Bibi ananyamaza kidogo. "Upele tu, kama mwezi umepita. Ulitunga usaha kwenye vidole na makalio, tukaupaka dawa, ukakauka."

Hakuna bibi ambaye angetaja upele uliokwisha pona wakati mjukuu wake amevimba macho. Kwake ni mambo mawili tofauti kabisa. Hata daktari asingeuliza kama si yule mstari uliotokana na sentensi ya daftari iliyogeuzwa swali. Upele huwashwa, mtoto hujikuna, streptokokasi huingia kwenye mikwaruzo, na wiki kadhaa baada ya ngozi kupona figo ndizo zinazolipa.

Sasa presha. Namba ya juu ya mtoto wa miaka 7 kwa kawaida huwa karibu na 100. Ya huyu ni 140, na ya chini ni 95. Mwanafunzi anapaswa kuhakikisha ametumia mkanda wa saizi ya mtoto, kwa sababu mkanda mdogo kuliko mkono hupandisha namba kwa uongo, na mkubwa mno huishusha. Anapima tena, na majibu ni yaleyale. Kijiti cha mkojo kinabadilika rangi: damu 3+, protini 2+.

Ni nefraitisi. Jina hilo linageuza kila kitu kinachofuata. Kama angeitwa wa nefrotiki angeanzishiwa prednisoloni, dawa ambayo watoto wa nefrotiki hupewa kwa wiki kadhaa na wengi wao hupona uvimbe kwayo. Kwa mvulana huyu isingesaidia figo, tena ingeweza kuipandisha zaidi presha ambayo tayari ni ya hatari. Mtoto wa nefraitisi asiyepimwa presha anaweza kuanza kulalamika kichwa, kutapika, kisha kupata degedege, na watu wakadhani ni malaria iliyopanda kichwani. Anachohitaji ni kupunguziwa chumvi na maji, dawa ya kukojoza kama furosemidi, dawa ya kushusha presha, na kupimwa tena na tena mkojo anaoutoa na uzito wake wa kila siku. Hupewa pia penisilini kuua bakteria waliobaki, ingawa haigeuzi mwendo wa figo. Watoto wengi wa namna hii hupona. Uvimbe huondoka ndani ya siku au wiki chache, lakini damu isiyoonekana kwa macho inaweza kubaki kwenye mkojo kwa miezi mingi bila kuwa ishara mbaya.

Bado kuna jambo ambalo jedwali haliwezi kumwambia mwanafunzi. Nefraitisi ikizidi, maji hujaa hata mapafuni, mshipa wa shingo hujaa, mtoto hushindwa kulala chali. Akiletwa akiwa amefika hapo, anafanana na mgonjwa wa moyo karibu kwa kila kitu. Kinachomwokoa ni presha iliyopanda na mkojo wenye damu, mistari miwili ambayo haibadiliki. Ndiyo maana nasisitiza jedwali lisiamuliwe kwa mstari mmoja, hata ule unaopendwa zaidi.

Chukua sasa safu ya mwisho. Kwashakoo ilipata jina hilo katika vitabu vya udaktari kutoka kwa Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaika na kufanya kazi Ghana ya leo, iliyokuwa ikiitwa Pwani ya Dhahabu. Aliueleza ugonjwa mwaka 1933, na mwaka 1935 akatumia neno la Waga, watu wa Akra, linalotaja ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Mama hupata mimba nyingine, mkubwa huachishwa ziwa na kupewa uji mtupu, kisha miguu huanza kujaa. Wapo madaktari waliompinga wakisema ile ni pelagra, ugonjwa uliojulikana tayari. Ubishi wao ulikuwa wa jedwali hasa. Ngozi ya pelagra huharibika pale jua linapopiga. Ya kwashakoo hubanduka hata sehemu zilizofunikwa na zinazokaliwa. Swali moja la ngozi, likiulizwa kwa magonjwa yote mawili, lilitosha kuonyesha kwamba si kitu kimoja.

Safu hii haipaswi kukosekana katika jedwali la mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Mwanafunzi anayenakili jedwali kutoka kwenye kitabu kilichoandikiwa hospitali za nchi tajiri mara nyingi atakuta kwashakoo imewekwa mwishoni kabisa au haimo. Jedwali haliwezi kukupa jibu ambalo halina safu yake. Kampala ilifundisha hilo kwa namna yake. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, aliyekuwa mtaalamu wa patholojia Mulago, alieleza ugonjwa wa moyo ambamo utando wa ndani wa moyo hugeuka kovu gumu. Wagonjwa wake wengi walikuwa na tumbo lililojaa maji sana huku miguu ikiwa imevimba kidogo tu, kinyume cha kile kinachotarajiwa kwa mgonjwa wa moyo. Kwa jedwali langu la safu nne mgonjwa huyo hana pa kukaa. Kwa hiyo namwambia mwanafunzi aache safu ya tano tupu, isiyo na jina, akumbuke kwamba ipo. Humo watakaa wa Mulago, mtoto wa kando ya Ziwa Viktoria ambaye kichocho kimeharibu mishipa ya ini lake, na aliyevimba midomo ghafla kwa mzio baada ya kula kitu kilichomkataa.

Kuna hatari nyingine kwenye safu ya kwashakoo. Kliniki za lishe hufundisha, na ni sahihi, kwamba mtoto mdogo ambaye miguu yote miwili imevimba na kubonyea anahesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Unabonyeza kwa dole gumba juu ya mguu kwa sekunde 3, na likibaki shimo, uvimbe upo. Lakini hilo ni kweli baada ya sababu nyingine kuondolewa. Mtoto wa nefrotiki ambaye hakuonyesha mkojo kwa mtu yeyote anaweza kupewa maziwa ya tiba wiki nzima na asipungue uvimbe. Kijiti kimoja cha mkojo kingesema 4+ siku ya kwanza.

Na kuna kinyume chake, ambacho huua haraka zaidi. Mtoto wa kwashakoo huonekana amejaa maji, na akili ya haraka husema: mpe furosemidi, ayakojoe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakataza jambo hilo waziwazi. Ndani ya mishipa ya mtoto huyo maji si mengi, na potasiamu ya mwili wake ni pungufu. Dawa ya kukojoza humwondolea zote mbili. Huanzishwa maziwa mepesi yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo usiku na mchana, na uvimbe huondoka wenyewe kadiri mwili unavyotengemaa. Dawa ileile inayomsaidia mvulana wa upele inaweza kumuua mdogo wake wa miaka 2 aliyelazwa kitanda cha pili, na wote wawili waliletwa kwa neno lilelile, "kavimba".

Upungufu mmoja wa jedwali hauondoki hata ukilitengeneza vizuri namna gani. Safu zake zina upana sawa, ilhali magonjwa hayana wingi sawa. Mtoto wa miaka 2 wa kipindi cha njaa na mtoto wa miaka 7 wa shule iliyojaa upele hawaingii kwenye jedwali wakiwa sawasawa. Nawataka wanafunzi waandike umri juu ya kila safu: kwashakoo kwa kawaida kati ya miezi 6 na miaka 5, nefrotiki hasa miaka 2 hadi 6, nefraitisi hasa miaka 5 hadi 12, moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi kwa walio na miaka 5 na kuendelea. Umri hautoi hukumu, lakini unakuambia uanze kuuliza kuhusu safu ipi. Tena magonjwa hayakatazwi kukaa pamoja. Mtoto mwenye kwashakoo anaweza kuwa na moyo mbovu pia, na jedwali lililozoea kuchagua mmoja litamwacha wa pili.

Njia bora niliyoiona ya kulijaribu jedwali ni kulifunika. Mwanafunzi mmoja huziba majina ya safu kwa karatasi, mwenzake humsomea majibu ya mgonjwa wa kweli moja baada ya lingine kwa mpangilio uliotokea wodini, naye hutakiwa kusema kila mara ni safu ipi imetoka na kwa nini. Akikwama, mstari huo haujaeleweka. Mgonjwa wa kweli akikosa safu, jedwali linaongezewa au alama ya kuuliza inarudi. Majedwali ninayoyaheshimu yamechakaa, yamekatwa kwa kalamu, na yana maandishi pembeni ya siku ambazo yalikosea.

Wewe msomaji ambaye si mwanafunzi una kazi yako katika jedwali hili, maana nusu ya visanduku vyake hujazwa na mlezi. Mtoto wako akivimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kumbuka uvimbe ulianzia machoni au miguuni, na ulikuwa mwingi asubuhi au jioni. Tazama mkojo wake kwenye chombo cheupe kabla hamjaondoka nyumbani. Taja vidonda na upele wa mwezi uliopita hata kama umepona na hakuna aliyekuuliza. Na vile vidonge vya kukojoza vya babu vilivyobaki kabatini, usimpe mtoto hata kimoja.